Sauti ya Pili kwenye Saa ya Kibe

Wanaume wa rika la Kibe, kule Waithaka, huwaita wake zao Mama Fulani. Mama Kui, lete chumvi. Mama Mungai, nani kabisha hodi? Hata wakiwa wawili tu mezani, mtoto mwenyewe ameshaolewa zamani, mama bado ni mama wa mtu. Kibe hakuwa wa namna hiyo. Tangu walipooana alimwita mkewe kwa jina lake, Wanjugu, tena kwa sauti ya kuita mtu aliye upande wa pili wa bonde, hata kama mwenyewe amesimama hapo hapo akimkorogea chai. Majirani walicheka. Wanjugu alijifanya kukerwa. Alikuwa akiipenda sauti ile kuliko alivyowahi kukiri kwa mtu yeyote, Kibe mwenyewe akiwemo.

Mwezi wa pili mwaka huu, Kibe akapigwa na kiharusi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha uchapishaji River Road, akichapa kadi za harusi na ratiba za mazishi, na hakuna siku aliyolala kitandani kwa ugonjwa. Alistaafu, akapumzika miaka miwili, halafu asubuhi moja kikombe kikamponyoka. Alirudi kutoka hospitalini na mguu wa kulia unaoburuta, mkono wa kulia uliolala kama wa kuazima, na maneno mawili. La kwanza lilikuwa "hapana." La pili lilikuwa "hiyo." Akitaka chai ni hiyo, akitaka redio izimwe ni hiyo, akimtaka Wanjugu ni hiyo vilevile. Miezi minane Wanjugu aliitwa hiyo. Aliitika kila mara, bila kununa, kisha akaenda chumba cha mbele anakoshona majoho ya kwaya, akakanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikike akilia.

Kule kliniki walimwambia mambo mawili. Mtaalamu wa viungo alisema nusu saa ya kutembea kila asubuhi, bila kukosa, maana mguu ukizoea kiti utakaa kwenye kiti. Yule wa kufundisha kusema, msichana mpole mwenye miwani, akasema: "Mama, usichoke kumsemesha. Na mwimbie pia. Kuna wengine maneno hukataa kutoka kwa kusema, yakatoka kwa kuimba. Sikuahidi, lakini mwimbie."

Basi Wanjugu akamwimbia. Alimwimbia akimwosha, akimvisha soksi, akimenya viazi. Kibe alimtazama kwa macho ya upole, akatulia tu. Watu hawa wawili walikuwa wamekutana kwayani, Wanjugu sauti ya pili, Kibe sauti ya tatu, na kwa miaka mingi kila mmoja alikuwa kiongozi wa sauti yake. Kumwimbia Kibe na asiitikie kulikuwa kitu kigumu. Afadhali angenyamaza naye.

Na kutembea? Wiki za kwanza alitembea. Halafu akaanza kukataa, na Wanjugu akachukua muda kuelewa kwa nini. Si mguu. Ni salamu. Waithaka mtu hapiti bila kusalimiwa, na Kibe alikuwa mtu wa watu. Kila hatua kumi kuna mtu wa kumwita, mzee unaendeleaje, mzee tumekuombea, kisha anasimama kungoja jibu. Kibe hufungua mdomo, uso ukamwiva, ikatoka "hiyo." Yule mtu hutazama chini. Baada ya siku kadhaa za namna hiyo, asubuhi ikifika Kibe alishika mkono wa kiti akasema neno lake lile lingine.

Kui, binti yao, ni muuguzi Nakuru. Ndiye aliyeleta dawa ya jambo hilo, mwisho wa mwezi, ndani ya mfuko wa karatasi: saa ya kisasa yenye kioo cheusi, na kijisanduku kidogo chenye visikilizio viwili visivyo na waya.

"Mtu akiwa na kitu sikioni, watu humpungia mkono tu wakapita," Kui alisema. "Avae kimoja pekee, ile sikio ingine asikie boda boda. Na simu asibebe."

Hilo la simu halikuhitaji kusisitizwa. Kibe alikuwa ameshaanguka mara moja akijaribu kuitoa simu mfukoni kwa mkono wa kushoto ambao ndio huo huo unaoshika mkongojo. Wanjugu alikuwa ameipiga simu marufuku kama vile watu wanavyopiga marufuku sigara.

Kui akaunganisha saa na simu ya mama yake, akamwonyesha mawili matatu, akakimbilia zamu yake Nakuru. Jioni hiyo Wanjugu aliketi na miwani puani. Akachagua nyimbo kwenye simu, zile za gita za ujana wao. Akatazama saa: jina la wimbo likatokea kwenye kioo, na vishale vya kwenda mbele na nyuma. Akagusa. Muziki ukalia sikioni! Alipiga vigelegele peke yake sebuleni. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, ameshinda mtambo.

Asubuhi akamvalisha Kibe saa, akamtia kisikilizio sikio la kushoto, akabonyeza. Uso wa Kibe ulifunguka. Akatoka langoni akifuata mdundo, mkongojo ukigonga chini kwa mpigo, na Wanjugu akasimama akimtazama akiwa na furaha ya kutaka kumwambia mtu.

Kibe hakufika hata kwenye kona ya kinu cha unga. Alisimama. Akagusa sikio. Akaligonga kwa kidole, akatikisa kichwa, akageuka. Alirudi polepole kuliko alivyokwenda, akaketi kwenye kiti chake, akavuta kile kisikilizio akakiweka juu ya meza. Kisha akaonyesha sikio lake.

"Hapana," alisema.

Siku tatu hakutoka. Wanjugu alidhani amekasirikia kifaa. Siku ya tatu alimkuta amekaa karibu na redio, ameisogeza mpaka kwenye shavu, anaisikiliza kwa lile sikio la kushoto, uso umejaa hofu. Na hapo moyo ukamkatika. Kumbe hakukasirika. Alifikiri sikio nalo limekufa. Mguu, mkono, ulimi, na sasa sikio. Alikuwa akilipima kimya kimya bila kumwambia mtu, na angemwambia kwa neno gani?

"Sikio lako ni zima, Kibe," Wanjugu akasema, akilishika kwa viganja vyote viwili. "Ni mimi niliyekosea. Nisamehe."

Hakujua alikosea wapi, ila alikuwa na hakika kosa ni lake. Akatia saa, chaja yake na kijisanduku mkobani, akaenda madukani, Adams Arcade.

Pale Adams kuna kibanda cha simu cha binti mmoja anayeitwa Nakhumicha, ambaye Wanjugu aliwahi kumshonea gauni la mahafali. Kibanda chenyewe ni cha upana wa mlango, kimejaa vioo vya simu na nyaya, na Nakhumicha hukaa katikati na bisibisi yake, anajibu wateja watatu kwa wakati mmoja bila kuinua kichwa.

"Ilikuwa inalia vizuri, kisha ikanyamaza alipotoka," Wanjugu alieleza.

"Simu ilikuwa wapi, mum?"

"Nyumbani. Mezani."

Nakhumicha akaweka bisibisi chini. "Hapo ndipo shida iko. Hii saa ilikuwa remote tu. Muziki ilikuwa inatoka kwa simu, na hizi earphone ziko connected kwa simu, si kwa saa. Akitoka gate, akiacha simu nyuma, signal inakatika. Saa haikuwa na wimbo hata moja ndani."

"Hata mmoja?"

"Zero."

Wanjugu alitamani kucheka na kulia. Vigelegele vyote vile, kwa ajili ya rimoti.

"Tutaziweka ndani ya saa yenyewe," Nakhumicha akasema. "Unataka gani? Lakini ziwe files zako kwa simu. Zile za ku-stream, za kusikilizia mtandaoni, zingine zinataka ulipie ndio zishuke kwa saa."

Nyimbo nane za gita zilikuwepo, Kui alikuwa amempa zamani. Ya tisa Wanjugu aliificha hadi mwisho, kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachokitaka sana.

Ni hivi. Kwaya yao hujifunza kwa sikio. Wachache sana wanasoma noti, kwa hivyo mwalimu wao, Peres, akitunga wimbo huwarekodi viongozi wa sauti mmoja mmoja, kinanda kikiwasindikiza, kisha hutuma rekodi zote nne kwenye kundi la WhatsApp. Kila mwimbaji huchukua ya sauti yake akaenda nayo jikoni, shambani, kazini, hadi imwingie. Miaka michache nyuma Peres alitunga wimbo wa mavuno, na sauti ya tatu ilirekodiwa na Kibe. Rekodi ile bado ilikuwa kwenye simu ya Wanjugu. Wazo lake lilikuwa la mwanakwaya: mpe mtu sauti yake, airudie mpaka imwingie tena.

Alipofungua simu akakuta rekodi nne, na majina yake ni tarakimu tu, marefu, yanayofanana mpaka tarakimu ya mwisho. Ni yale majina ambayo WhatsApp huzipa rekodi yenyewe. Ikabidi azisikilize. Akategea sikio ya kwanza: kinanda, kisha Muthoni wa sauti ya kwanza. Siyo. Akafungua iliyofuata: kinanda kile kile, utangulizi ule ule, na hapo akaizima haraka. Alijua kwamba Kibe akiingia, Kibe wa zamani mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde, yeye Wanjugu angelia mbele ya watu wote wa Adams Arcade. Hakuwa tayari kwa hilo. Ya kwanza ni ya Muthoni; hii, alijiambia kwa haraka, bila shaka ni ya Kibe.

"Hii," akasema, akashikwa na haya bila sababu.

Nakhumicha akaichukua, akaibadilisha iwe MP3 kwa sababu saa haikuisoma ilivyokuwa. Akaiweka saa kwenye chaja yake. "Ikae kwa chaja tukihamisha, charge isiishe katikati." Akafungua programu ya saa kwenye simu, akatia alama nyimbo tisa, akazipanga kwa orodha moja, ile ya kwaya ikiwa ya mwisho kama alivyoombwa. Ikaenda polepole, moja, mbili. Wanjugu alisimama akihesabu kama mtu anayengoja mkate utoke. Baada ya karibu robo saa, zote tisa zikawa ndani.

"Sasa earphone. Zimezoea simu yako, zikifunguka zinaikimbilia. Tunaambia simu izisahau." Akagusa mahali kwenye simu. Akabonyeza kitufe cha kijisanduku mpaka taa ikapepesa, akatafuta jina lake kwenye kioo cha saa, akakubali. "Tayari. Sasa zima simu kabisa."

Wanjugu akaizima. Nakhumicha akagusa saa. Wimbo wa kwanza wa gita ukaanza kulia sikioni mwa Wanjugu, simu ikiwa imekufa mkononi mwake.

"Tembea nayo mpaka kwa stage urudi."

Akatembea hadi kwenye steji ya matatu, akarudi. Gita halikukatika hata kidogo.

"Swali moja, mum. Anavaa saa mkono gani?"

"Wa kushoto, kama kila mtu."

"Na mkono wenye haufanyi kazi ni wa kulia. Sasa ataibonyeza na nini?"

Wanjugu akamtazama binti huyo. Miezi minane akimvisha yule mtu soksi, na jambo hilo halikuwahi kumpitia kichwani.

Kesho yake akaifunga saa kwenye mkono wa kulia, ule uliolala. Kibe alimwangalia kwa mashaka. Wanjugu akaizima simu mbele ya macho yake, akaitupa ndani ya kabati, akafunga kabati kwa ufunguo. Akamtia kisikilizio. Akachukua kidole cha kushoto cha Kibe, akakigusisha kwenye kioo.

Gita.

"Sasa nenda nayo," akasema. "Ikinyamaza, rudi unipige."

Kibe akatoka. Wanjugu akamfuata kwa macho mpaka kwenye kona ya kinu cha unga. Kibe alisimama pale pale aliposimama siku ile, na Wanjugu akashika lango. Kisha mkongojo ukaenda mbele, na mguu, na mkongojo. Akaipita kona. Mtu mmoja mwenye toroli alimpungia mkono, naye akainua kidevu kujibu, akaendelea. Kama Kui alivyosema.

Wanjugu akarudi ndani, akaketi kwenye cherehani bila kushona, na muda wa Kibe kurudi ulipokaribia akateleka chai. Alikuwa amezipigia nyimbo hesabu: zile nane za gita dakika ishirini na tano hivi, na ile ya tisa ingemkuta njiani akirudi. Alijaribu kuwazia Kibe akisikia sauti yake mwenyewe ya zamani, na ghafla akaona lile wazo la mwanakwaya kwa jicho jingine. Je, ikimuumiza? Mtu kuimbiwa na yule aliyekuwa? Alisimama mara moja, akaiacha chai motoni, akaenda langoni karibu akimbie.

Alimsikia kabla ya kumwona.

Ilikuwa sauti nyembamba, yenye mikwaruzo, iliyokosa pumzi. Ilitoka kidogo, ikanyamaza, ikatoka tena. Mtu mwingine yeyote angesema mzee fulani anajiongelesha. Wanjugu alijua noti zile kama anavyojua mikunjo ya mto wake. Sauti ya tatu.

"Tumetoka mbali."

Kimya. Hatua tatu, nne.

"Tumebeba shukrani."

Maneno! Maneno mazima, yenye mwanzo na mwisho, kutoka kinywani mwa Kibe. Alitokea kwenye kona, shati limelowa jasho, macho yametazama mbele kama ya mtu anayemfuata kiongozi wa kwaya, na Wanjugu hakuthubutu kumwita asije akayaangusha. Alipofika langoni wimbo ulikuwa umekwisha. Kibe akauegemeza mkongojo ukutani, akagusa saa kwa kidole chake kizima, akauanzisha tena. Hakufundishwa na mtu. Kisha akakitoa kisikilizio, akamnyooshea mkewe.

Wanjugu akakitia sikioni, akajikaza amsikie Kibe. Kinanda, utangulizi. Kisha mwanamke akaimba.

"Mmetoka wapi?"

Alikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa amechagua rekodi isiyo yenyewe. Katika wimbo ule wa mavuno, sauti ya pili husimama langoni mwa kanisa ikiuliza, na ya tatu huingia na kapu ikijibu. Kwa hivyo katika rekodi ya sauti ya pili, baada ya kila swali huwa pana nafasi tupu, kinanda peke yake kikingoja. Angempa Kibe sauti yake mwenyewe, angeisikiliza tu, nafasi zote zikiwa zimejaa. Yeye amempa swali. Na Kibe, miaka yote ile, hajawahi kumwacha Wanjugu aulize kwaya nzima ikisikiliza akakosa kumjibu.

"Tumetoka mbali," Kibe akaimba mbele yake, bila kisikilizio, akimsoma midomo iliyokuwa ikilifuatisha swali.

Wanjugu alilia hapo hapo langoni, wapita njia wakiona, na hakujali. Alikiondoa kisikilizio. Alifuta uso kwa leso. Kisha, kwa noti zile zile za swali lake, akaimba kitu kisichokuwemo kwenye wimbo.

"Unataka nini?"

Kibe akafungua mdomo. Wanjugu akaliona lile "hiyo" likija, akamwona Kibe akilitafuna, akilikataa. Akangoja, kama kinanda kinavyongoja. Akamwinulia mkono kidogo, vile kiongozi humwingiza mwimbaji.

"Nataka chai," Kibe akaimba.

Akavuta pumzi. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Wanjugu alidhani amemaliza, na lingetosha, Mungu anajua lingetosha kwa mwaka mzima.

"Wanjugu," akaimba.

Halikuwa la kuita ng'ambo ya bonde. Lilikuwa dogo, likakwama katikati, likamalizika. Ila lilikuwa lake lote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Chai yenyewe ilikuwa imefurika ikazima jiko. Wanjugu akateleka nyingine, na ilipoiva akaileta mezani, akasita na kikombe mkononi.

"Unataka nini?" akaimba tena.

Akajibiwa. Akauliza mara ya tatu, na ya nne, Kibe akianza kucheka upande mmoja wa uso na bado akimjibu, jina likizidi kunyooka. Wiki hiyo Nakhumicha alipompigia kuuliza kama ile orodha iko sawa au abadilishe kitu, Wanjugu alimwambia kuna rekodi moja iliyoingia kimakosa, na aiache hivyo hivyo. Chai ya siku ile waliinywa ikiwa imepoa kabisa.